Mwaliko Usio na Siku ya Kuondoka

Generosa, au Mama Careen kama wanavyomwita mtaani Kasulu, si mwoga. Aliwahi kumfukuza mlanguzi wa asali kwa maneno matupu, tena mlanguzi mwenye gari. Lakini wiki ile simu ikilia tu, moyo unampasuka. Akipika ugali, unaungua. Akiulizwa kitu, anajibu kingine.

Alikuwa katibu wa chama cha wafugaji nyuki, na yeye ndiye aliyemtafuta mnunuzi wa nta kule Poland, Bi Halina, mwenye kiwanda cha sabuni na mafuta ya ngozi. Mwaka mzima waliandikiana. Mwishoni Bi Halina akasema: sampuli nimezipenda, ila sisaini mkataba kabla sijaja kuona nta inavyochujwa. Kwa neno la Generosa kwamba mnunuzi anakuja, wanachama wote waliwakatalia walanguzi msimu ule. Nta ikakaa stoo, walanguzi wakaenda zao Kibondo, na watu wakabaki wakimtazama katibu wao. Jamani, kutazamwa na kijiji kizima si mchezo.

Bi Halina aliomba viza ya biashara kwa mtandao, na akahitaji barua ya mwaliko kutoka kwa wenyeji wake. Ikaandikwa haraka na kwa furaha. Mwenyekiti, Mzee Benedicto wa kijiji cha Titye, alisema maneno, Generosa akayachapa kwa Kiingereza kwenye karatasi yenye nembo ya chama: tunakukaribisha ututembelee, ukifika hapa ni kwako, kaa kadiri upendavyo. Sahihi, muhuri, ikatumwa pamoja na cheti cha usajili. Hakuna aliyewaza kuandika siku ya kuondoka. Nani anamwalika mgeni huku anamwonyesha njia ya kurudi? Kwa Waha hilo ni tusi, na Generosa ni Muha wa kuzaliwa. Alipoisoma tena barua ile alijisikia vizuri kabisa.

Basi, siku chache baadaye Bi Halina akamtumia alichojibiwa na Uhamiaji. Maombi yake hayajakataliwa, ila hayawezi kuendelea. Barua ya mwenyeji haionyeshi shughuli ya biashara inayomleta, haitaji siku ya kufika wala ya kuondoka, haisemi atalala wapi wala nani atamgharamia. Chini akaongeza: "Safari yangu ni wiki ijayo. Nikikosa, nitaenda kwa wauzaji wa nchi nyingine, maana kiwanda hakiwezi kusubiri. Samahani sana."

Generosa alikaa chini palepale kwenye ngazi za ofisi. Alisoma lile "samahani sana" mpaka herufi zikaanza kucheza.

Barua mpya haikumsumbua. Aliweka mbele nakala ya pasipoti, akaandika jina kama lilivyo mle, namba, uraia, shughuli ya kukagua nta na kujadili mkataba, tarehe ya kufika na ya kuondoka kulingana na tiketi, wiki moja kamili. Nyumba ya wageni atakayolala, na kwamba gharama ni zake mwenyewe. Kisha akampigia mwenyekiti, akamsomea yote.

Mzee Benedicto alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo siku ya kuondoka, ifute."

"Baba, ndiyo wanayoitaka."

"Basi waiandike wao. Mimi simfukuzi mtu ambaye hata hajafika. Sahihi yangu hapo? Ng'o!" Akakata simu.

Generosa alikwenda kwa Brighton, kijana mwenye duka la kuchapa na kuskani karibu na stendi. Brighton aliisikia habari yote, akacheka. "Sasa tatizo liko wapi, Mama Careen? Sahihi na muhuri si ninavyo kwenye ile barua ya kwanza niliyoiskani? Nakata, nabandika, dakika mbili. Mzee atajuaje?"

Tusidanganyane: aliwaza. Alisimama pale akiangalia sahihi ya mzee kwenye kioo cha kompyuta. Nta yote ile stoo! Lakini kuipelekea Uhamiaji karatasi ya kughushi, ikigundulika, siyo viza tu itakayokwenda na maji. Atakwenda yeye, chama, na jina la mzee ambaye hajakosa kitu. "Iprinti tu," akasema. "Nakwenda Titye."

Alipanda bodaboda na mvua ikamkuta njiani. Barua aliifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, akaikumbatia kifuani, na njia nzima alikuwa akisali na kumgombeza dereva kwa zamu. Alifika akichuruzika maji. Niyubahwe, mke wa mzee, Mrundi aliyeolewa Titye miaka mingi, akampokea. "Yoo, mwana wanje! Ingia jikoni kwenye moto, mwanangu."

"Shikamoo mama. Baba yupo?"

Baba alikuwepo, amenuna. Alijua kilichomleta Generosa.

"Marahaba," alisema kabla hajasalimiwa. "Nimeshakwambia."

Generosa alikuwa amepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yakapotea. "Baba, naogopa," akasema. "Naogopa mpaka silali. Watu wameacha kuuza kwa ajili yangu. Na huyu mama bila viza hata ndegeni hawatampandisha. Atafika uwanja wa ndege na mizigo yake, mbele za watu, aambiwe rudi nyumbani. Mgeni wako huyo."

Mzee akageuka. "Arudishwe mlangoni?"

"Mlangoni kabisa."

"Kwa sababu ya barua yangu mimi?"

Niyubahwe, aliyekuwa akichochea moto, ndiye aliyejibu: "Benedicto, kumwambia mgeni siku ni vibaya. Kumrudisha mlangoni ni laana. Chagua."

Mzee akanyoosha mkono kupokea barua. "Na neno langu la kumkaribisha nitaliweka wapi?"

"Barua ni ya Uhamiaji, baba. Lakini inaambatanishwa tu. Kwenye baruapepe yenyewe naandika lolote utakalo, na hiyo ni ya Halina peke yake."

"Mwandikie hivi: tarehe ni ya serikali, nyumba ni yako." Akatia sahihi akitazama pembeni, kama mtu anayechomwa sindano, akagonga muhuri kwa hasira.

Kesho yake asubuhi barua iliskaniwa na kutumwa kwa Bi Halina, na neno la mzee kwenye baruapepe. Kisha ikaja kazi ya kungoja. Mtandao ukapotea mchana mzima, umeme nao ukafuata. Generosa akawa anainua simu juu ya paa la banda la kuku kutafuta mawimbi, majirani wakimcheka.

Jibu liliingia siku mbili kabla ya safari, mzee akiwa ofisini Kasulu, amekuja kwa baiskeli akisema anapita tu. Bi Halina alikuwa amepata viza na kutuma kibali chenyewe.

"Amepata!" Generosa alipiga kelele.

"Soma yote," akaagiza mzee. "Usirukeruke."

Akasoma: jina, pasipoti, aina ya viza ni ya biashara, muda wa kukaa usiozidi miezi mitatu.

"Rudia hapo."

"Usiozidi miezi mitatu."

Mzee Benedicto alivua kofia. "Serikali haimjui, haijawahi kula naye, imempa miezi mitatu. Wewe, rafiki yake wa mwaka mzima, umempa wiki. Na mimi ukanifanya nitie sahihi kwenye uchoyo wako!"

Generosa alifungua mdomo aeleze kwamba hicho ni kikomo tu, kwamba tiketi ndiyo ya wiki moja. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake na kicheko kikaisha. Mzee alisimama pale na kofia mkononi, asijue ambembeleze au aendelee kumgombeza.