Mikono ya Shahidi

Watu wakiniuliza kazi yangu husema nahariri video, na hapo huishia. Nikieleza zaidi wanacheka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuziba: nyuso za watoto, namba za pikipiki, namba ya simu iliyopakwa kwenye ukuta wa duka, jina la shule kwenye sweta. Ofisini tunasema kublur. Mama yangu, aliyechuma chai Kibugu maisha yake yote, alinisikiliza siku moja akaniuliza kama kweli nilisomeshwa ili niharibu picha za watu. Nilikasirika.

Ofisi yetu ni vyumba viwili mjini Meru, juu ya duka la dawa za mifugo. Tuko watatu: bosi, mwandishi kijana aliyezaliwa papa hapa mjini, na mimi. Tunarusha habari zetu mtandaoni, na habari zenyewe nyingi ni za barabara mbovu na harambee za makanisa. Kisha mwandishi akarudi kutoka upande wa Laare na kadi ya kamera, uso umempauka.

Kijana mmoja mchumaji wa miraa alikuwa ameuawa huko kwa kipigo, asubuhi kweupe, kwa madai kwamba aliingia shamba la mtu na kuiba. Waliompiga walijulikana na kila mtu, na hakuna aliyewajua. Ndivyo inavyokuwa. Ila mwandishi alikuwa amempata mwanamke mmoja, mfungaji wa miraa, aliyekubali kusema. Asubuhi ile ile, saa ile wizi uliposemekana kutokea, kijana alikuwa amembebea mzigo wake kutoka shambani hadi bandani wanakofungia miraa, mbali kabisa na shamba la huyo aliyedai kuibiwa. Hakuiba. Mwanamke alikuwa pia amewaona waliomuua, na mmoja wao ndiye mnunuzi wa miraa aliyekuwa akimpa yeye kazi.

Alikuwa na sharti moja, asijulikane. Aliyasema hayo kwa Kimeru, taratibu, ameketi kwenye kigoda, macho yakienda mlangoni kila pikipiki ilipopita. Mimi ni Mwembu na Kimeru cha Igembe hunipita nusu, lakini hofu haihitaji mkalimani.

Nilichukua kazi ile kama amana. Unachora duara juu ya uso, unaiambia kompyuta ilifuate, nayo hulifuata vizuri mpaka mtu ageuze kichwa au apitishe mkono mbele ya uso. Hapo duara huteleza, likabaki linaficha ukuta huku uso uko wazi. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini mtu mwenye nia mbaya anasimamisha video hapo hapo na kuipiga picha. Kwa hiyo nilipita picha moja baada ya nyingine, nikilirudisha duara mahali pake kwa mkono. Sikutumia ule ukungu mwepesi ambao warembo hujipaka kwenye picha zao, kwa sababu nyuma yake bado mtu humtambua dada yake. Niliweka mabaka makubwa, mazito, yasiyoacha hata umbo la pua.

Nikaziba namba ya pikipiki iliyomleta mwandishi, pamoja na namba ya kizibao mgongoni kwa mwendeshaji wake, maana mwendeshaji akipatikana ataulizwa alimshusha mteja wapi. Nikaziba lango lenye rangi ya buluu. Kwenye kioo cha pikipiki kulikuwa na kivuli cha uso wa mwanamke, kidogo kama punje ya njugu, nikakiziba. Sauti yake sikuishusha tu iwe nzito, kwa sababu sauti iliyoshushwa mtu anaweza kuipandisha tena. Niliiondoa kabisa, nikasoma maneno yake mimi mwenyewe kwa Kiswahili. Mwandishi akasema naogopa hadi mbu. Nikamwambia mbu wa huku hawabebi mapanga.

Nina desturi moja ambayo bosi huiita kisirani changu: aliyefichwa lazima aione video kabla haijatoka. Mimi si wa kijiji chake, siwezi kujua ni kitu gani kinamtaja mtu kwao. Mwanamke akaitwa, akaja Meru. Mtoto wake wa pekee alikuwa shule ya bweni, hivyo hakuaga mtu.

Alikaa kando yangu, mkoba magotini, akatazama. Alipoliona lile baka mahali pa uso wake akatabasamu kidogo. Akauliza kama mtu anaweza kulifuta. Nikamwambia hapana, video ikishatoka baka na picha ni kitu kimoja, na ile asili inabaki kwangu, imefungwa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha ikafika sehemu ambayo mwandishi aliipenda kuliko zote: mikono ya mwanamke ikifunga miraa. Mikono tu, karibu kabisa, vidole vikipanga vijiti, vikizungusha ukambaa wa mgomba, vikivuta. Picha nzuri, na uso haumo.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha.

"Madam, hiyo ni mimi."

Nilidhani hajaelewa. Nikamwambia mikono ya watu hufanana, hana pete wala kovu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mgeni aliyeuliza choo kiko wapi naye amesimama mlangoni pake.

"Si mkono. Ni vile nafunga. Kila mtu kwa banda ako na yake. Mteja akipata miraa mbaya ndani, anaangalia fundo, anajua ni ya nani, anarudishia huyo. Mimi napitisha kamba chini mara ya mwisho, halafu nakunja. Hakuna mwingine anafunga hivyo. Hapo Laare hata mtoto anajua hiyo fundo."

Nilikuwa nimeziba kivuli ndani ya kioo na kuliacha jina lake likifungwa mbele ya kamera, polepole, na mwanga mzuri. Lakini ndiyo maana tulimwita. Nikashika kazi pale pale, nikaitoa sehemu yote ya mikono, nikaweka picha ya vilima vya Nyambene, ambavyo havimtaji mtu. Akashusha pumzi. Nikamchemshia chai, tukacheka kidogo kuhusu mimi na ujinga wangu wa miraa.

Simu yake ikalia chai ikiwa mkononi. Aliyepiga alikuwa jirani yake. Mwanamke alisikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hiyo mikono mmeshaweka kwa mtandao?"

Nilisema hapana. Nilisema hapana kwa uhakika wa mtu mjinga. Kisha nikaingia chumba cha pili.

Bosi alikuwa ameshakata na kukirusha kionjo tangu saa sita, cha kuwatamanisha watazamaji kabla ya habari yenyewe. Hakukichukua kwenye kazi yangu. Alikuwa na nakala yake ya kadi. Na kwa sababu alikuwa mwangalifu, alichagua mahali pasipo na uso hata mmoja. Mikono tu, na maandishi: shahidi avunja kimya.

"Si uso haumo?" akaniuliza. Hakuwa na ubaya. Mpaka leo ningependa awe na ubaya, hasira yangu ipate pa kutua.

Alikifuta mara moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Kionjo kilikuwa kimeshapakuliwa na kuingia kwenye makundi ya mtandaoni ya wafungaji, ya waendesha bodaboda, ya kwaya. Jirani alisema bandani watu walikuwa wamezunguka simu moja, na mnunuzi alikuja, akatazama, akaenda zake bila kumuuliza mtu chochote. Hilo la kutouliza ndilo lililomtisha jirani.

Mwanamke hakulia. Alikaa akitazama kompyuta, ambapo video yangu safi ilikuwa imesimama kwenye baka. Bosi alikuwa akiongea juu ya kumtafutia pa kulala, kupigia watu wa haki za binadamu, kuiahirisha habari. Mwanamke akamkatiza.

"Toa hiyo kitu kwa uso yangu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia bado kuna dunia nzima isiyomjua, na akishaonekana haonekani nusu. Bosi akasema sheria ya kulinda data itatubana. Nilibishana na mwanamke kwa moyo wote, kwa sababu kuficha ndiko nilikojua, na aliyefichwa hata vibaya ni afadhali.

"Wale nilikuwa nawaogopa wameniona," akasema. "Hawa wengine ndio hawajaniona. Sasa mnanificha nani? Nikipotea kesho, watu watatafuta nini? Watatafuta hiyo baka?"

Bosi akawasha kamera, mwanamke akarudia ombi lake akiwa ametazama mbele, ili isisemekane tulimlazimisha. Nami nikarudi kwenye kiti changu. Kabla video haijatoka, baka hukaa juu ya picha kama kitambaa juu ya sufuria. Nililokuwa nimelitandika kwa kazi ya siku nzima nililiondoa kwa kubonyeza mara moja. Uso wake ukatokea, macho yakienda mlangoni. Nikamrudishia sauti yake na mikono yake. Namba ya pikipiki, lango, na mwendeshaji nikawaacha gizani, wao hawakuomba kuonekana.

Tuliirusha, ikatazamwa na watu wengi sana. Waliandika chini yake kwamba ni shujaa, simba jike, na Mungu amlinde. Nilikuwa nikiyasoma nikisonya. Hakuna hata mmoja aliyempa pa kulala.

Polisi waliwakamata watu, mnunuzi akiwa mmojawao, wakaachiliwa kwa dhamana. Kesi inaahirishwa hadi tumezoea. Nafasi ya mwanamke bandani walimpa mwingine. Sitasema anaishi wapi sasa wala anafanya nini, na hata haya machache kuhusu lango na njia nimeyabadilisha.

Wakili amemwambia ushahidi wake peke yake hautoshi. Juzi mwanamke alinipigia simu. Mfungaji mwenzake naye alikuwepo asubuhi ile, aliona yote, na kwa mara ya kwanza amesema yuko tayari kuongea. Ila anataka kuhakikishiwa kwanza.

"Ameniuliza kama unaweza kumficha," akasema. "Nimwambie nini?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Pasipo huyo shahidi wa pili kesi itaanguka, na wale watu watarudi bandani kununua miraa kama kawaida.

"Mwambie uso naweza," nikasema.

Akasema atamwambia hivyo hivyo.