Vikombe Vitatu vya Mama

Mama alipoanza kukonda kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi nilikuwa Mbarara nikishona nguo. Nilimtumia unga wa uji wa lishe, na posho, yaani unga wa ugali, na maharage kwa watoto wanne wa marehemu dada yangu ambao Mama anawalea. Akanitumia picha ya maandishi ya mfuko wa unga: gramu mia moja zina kalori mia nne na protini gramu kumi na tano.

Nikampigia simu: “Kwa siku vikombe vingapi, Mama?”

“Bitatu. Kila kimoja bijiko bine.”

Kijiko chake kinabeba gramu kumi. Basi gramu mia na ishirini: kalori mia nne na themanini, protini gramu kumi na nane. Nikaridhika mwezi mzima.

Nilipokwenda kumwona, nilikuta mifupa mitupu. Watoto walikuwa wanapokezana kikombe chake.

“Mama, umenidanganya!”

“Uliniuliza bikombe bingapi. Haukuniuliza nani anakunywa.”

Kwa hasira nikagawa kwa tano. Uji wote nilioujivunia ulimpa mama yangu kalori tisini na sita kwa siku, na aliniacha nijivune.