Chupa za Mji Usio na Jua

Dada yangu kazini wanamwita Sheria, na si kwa kumsifu. Kazi yake ni kuutunga mji wa katuni yetu: nani anaishi wapi, anakula nini, nini kinawezekana na nini hakiwezekani hata ulie. Mimi namchorea mandhari. Tumechoka wote, ila yeye amechoka hadi kope.

Mji wenyewe uko bondeni, jua halifiki. Kila asubuhi watu wanapanda mlimani na chupa, wanateka mwanga, wanashuka nao. Mwanga huo ndio taa, ndio moto wa mwoka mikate, ndio malipo sokoni. Na kanuni kubwa ni moja: kesho yake asubuhi mwanga hufa. Haulazwi, yaani hauwekwi akiba. Chupa ikiwa chafu hufa hata mapema zaidi, ndiyo maana kuna kibanda cha muosha chupa, mama mmoja mnene mwenye maneno, na kila mtu hupita kwake. Wagombanao hukutana hapo wakitaka wasitake. Nusu ya hadithi zinaanzia kwenye beseni lake.

Sehemu za mji zinazorudiwa kila kipindi ni nane tu. Mandhari huchorwa mara moja, kisha hutumika msimu mzima. Ukiongeza moja, lazima utoe nyingine. Hapo ndipo bosi alipotuletea balaa.

"Nataka tajiri mbaya," alisema kikaoni. "Ana ghala limejaa mwanga. Toeni kile kibanda, wekeni ghala."

"Mwanga haulali, bosi," dada akajibu.

"Si uulaze! Mji si wako wewe mwenyewe?"

Jamani! Nilitamani nimrushie kikombe. Dada hakupandisha sauti. Alimuuliza tu: mwanga ukihifadhika, nani atapanda mlima kesho? Asipopanda mtu, soko linafunguliwa kwa ajili ya nani? Na vipindi tulivyokwisha kuchora, ambamo watu wanakimbizana na asubuhi, tuvitupe wapi?

"Niletee tajiri ifikapo Ijumaa," bosi akasema, "la sivyo kibanda kinaondoka."

Mimi nilijua kwa nini dada alinyong'onyea. Yule muosha chupa ni mama yetu hasa. Mama aliosha chupa kiwandani maisha yake yote hadi kikafungwa, na sasa anakaa kwetu, kutwa peke yake sisi tukiwa kazini; kila kipindi anakitazama kwa simu ya dada akicheka, "Huyu mama ana mdomo kama mimi!" Kibanda kile ndicho kitu pekee katika kazi hii dada alichokipenda.

Siku zile alikula kwa kusukuma. Ijumaa akaja na jibu, macho mekundu.

"Tajiri halimbikizi mwanga," alimwambia bosi. "Analimbikiza chupa. Panda mlima utakavyo, huna cha kutekea. Mwanga utakufa vilevile, kanuni haijaguswa. Na hatuhitaji ghala. Anakinunua kibanda, anakijaza chupa mpaka darini. Mandhari ni yaleyale, tunaongeza chupa tu."

Bosi alipiga meza kwa furaha. Mimi nikamvuta dada pembeni.

"Na yule mama?"

"Anatolewa. Kibanda si chake tena."

"Dada!"

"Unadhani sijui?" akanifokea. "Atakayeumia kwanza ni anayeosha. Nikimwacha hapo, tajiri wangu ni wa uongo, na mji mzima ni wa uongo."

Nilimkasirikia, lakini hakukosea. Nikaomba angalau mahali pa kumweka. Akafikiri, akasema duka la mikate lina kizingiti, tayari kimechorwa, hakihesabiwi kama sehemu mpya. Basi nikamkalisha pale, beseni mapajani, bila maneno. Kila mtu akipita kununua mkate, yeye anaonekana pale nyuma.

Mama alikitazama kipindi hicho sebuleni, katikati yetu. Hakucheka. Kibanda kilipojaa chupa akaguna. Tulipofika kwenye kizingiti akaisogeza simu karibu na uso.

"Huyu si yule muosha chupa?"

"Ndiye, mama," dada akasema.

"Mbona haongei?"

Dada akatazama sakafu. "Hana anayemuuliza kitu siku hizi."

Mama akauliza, "Na chupa hana. Giza likiingia anafanyaje?"

Nilimwomba Mungu dada adanganye, mara moja tu.

"Anakaa gizani, mama. Kanuni ndiyo hiyo."

Mama akamrudishia simu taratibu.

"Sawasawa kabisa," alisema. "Mimi nilidhani hamkuwa mnaniona."