Rangi Tatu kwenye Barua ya Wakili

Mimi sikusoma. Darasa la tatu liliniona mgongo, na tangu hapo nimefunzwa na jembe na wanunuzi wa karoti, ambao ni walimu wakali kuliko wote. Sioni haya kusema hivyo. Kiwanda changu cha kuosha karoti pale Naro Moru nilikijenga kutoka mtaro mmoja wa saruji na wanawake wawili wenye magunia, na leo lori zinapanga foleni langoni. Kwa hiyo mtu aliyesoma akiniambia kuna jambo silijui, kwanza namwangalia viatu.

Lakini kuna watu wawili waliosoma ambao nawashukuru kila nikifungua mfereji, na nimeona niandike sababu.

Nilitaka kujenga chumba cha baridi. Karoti ikishaoshwa haingoji mtu, na bei ikiwa mbaya unauza hivyo hivyo kwa sababu kesho imelegea. Benki ya Nyeri ilikubali kunikopesha, shamba likiwa rehani, ila ikataka barua ya maoni ya wakili. Barua ya namna hiyo ni wakili kuiambia benki, kwa sahihi yake mwenyewe, kwamba shamba ni la huyu mzee kweli, rehani itashika, na maji yanayoendesha kiwanda hayatakatwa. Benki ikiiamini halafu iwe si kweli, wakili ndiye anayetafutwa.

Maji ndiyo yalikuwa na maneno. Bomba langu linatoka mtoni na kupita katika shamba la jirani yangu, mtu wa rika langu, niliyetahiriwa naye. Alinipa njia zamani. Tuliandika karatasi, wazee wakatia sahihi na dole gumba, tukachinja kondoo, tukala. Kwangu mimi hilo lilikuwa limekwisha.

Wakili wangu ni binti wa mtu wa Gatitu ninayemfahamu. Ofisi yake iko mjini Nyeri, ghorofa ya juu ya duka la vyuma, na kila ukipanda ngazi unasikia mtu chini anakata mabati. Siku aliyoniambia barua iko tayari nilienda na koti langu la kanisani, kwa sababu kutoka pale nilikuwa napita moja kwa moja benki.

Nikakuta haiko tayari.

"Karibu baba, keti," akasema. "Tunaisoma tu mara ya mwisho."

Aliyekuwa akisoma naye ni wakili mwenzake wa ofisi ile, mzee mwenye tumbo na miwani ya kamba, ambaye kazi yake barua kama hizo ni kuzipitia kabla hazijatoka. Huyo hakuandika neno hata moja la barua ile. Ndiyo maana anapewa, nilikuja kuelewa: aliyeandika husoma alichokusudia, si kilicho kwenye karatasi.

Binti anasoma kwa sauti, yule mzee anafuata kwenye nakala yake akiwa na penseli tatu. Kila wakifika kwenye neno la Kiingereza la kupimia uhakika, anazungushia duara. 'Would' nyekundu. 'Should' buluu. 'May' kijani.

"Sasa hii ni barua ama ni mtoto wa nasari anachora?" nikauliza.

Yule mzee akacheka bila kuinua kichwa. "Mzee mwenzangu, wewe unapanga karoti kwa nini? Si zote ni karoti?"

"Kubwa ni ya hoteli. Ndogo ni ya soko. Iliyopasuka ni ya ng'ombe."

"Na ukimpelekea mtu wa hoteli gunia lenye zote tatu?"

"Ananirudishia."

"Basi ngoja nipange."

Binti akanieleza, na alinieleza vizuri, bila kunisemesha kama mtoto. Akiandika kwamba mahakama 'would' kuamua hivi, anasema hana shaka ya maana. Akiandika 'should', anasema anaamini itaamua hivyo, lakini upande wa pili una la kusema, na la kusema lenyewe si upuzi. Akiandika 'may', anasema huenda ikaamua hivyo na huenda isiamue. Mwanzoni mwa barua kuna aya nzima inayoieleza benki hivyo. Ukishamwambia mtu kipimo chako, huwezi kubadilisha debe katikati ya kupima.

Kulikuwa na 'may' moja ambayo yule mzee aliipita bila duara. Nikamwonyesha, nikidhani nimemshika. "Hiyo hapana," akasema. "Hiyo inasema benki inaruhusiwa kuuza shamba lako usipolipa. Ni ruhusa, si shaka. Ukiigeuza unaharibu." Nikarudisha kidole changu. Habari ile ya kuuza shamba sikuipenda hata kidogo.

Walipomaliza, akatandaza kurasa mezani. Ukurasa wa kwanza, kwenye muhtasari, palipotajwa bomba langu: nyekundu. Katikati, palipoelezwa: buluu. Karibu na mwisho, bomba lile lile: kijani.

Hapo hakuhitajiki Kiingereza. Kitu kimoja, rangi tatu.

"Muhtasari niliuandika kwanza," binti akasema polepole, "kabla hujaniletea ile karatasi yenu. Ulikuwa umeniambia mmekubaliana kwa maandishi."

"Na tumekubaliana!" nikasema. "Haya, ni kazi ya dakika ngapi? Tia nyekundu kote, mimi niende. Meneja wa benki ananingoja."

"Siwezi, baba."

"Neno moja?"

"Siwezi kukuandikia uhakika ambao sina."

"Basi tia buluu kote! Si unataka zilingane?"

Yule mzee akavua miwani. "Kulingana si kazi, mzee mwenzangu. Hata uongo unaweza kulingana. Kwanza tujue ni rangi gani ndiyo kweli."

Wacha niseme wazi, nilikasirika. Nilisimama, nikafunga vifungo vya koti. Nilisema nimejenga kiwanda bila 'would' ya mtu yeyote, na kwamba mimi na jirani yangu tulikula kondoo mbele ya wazee, na kondoo aliyeliwa hatapikwi.

Binti akaniuliza, kwa upole kabisa: "Baba, wana wa jirani yako walikula?"

Mmoja alikuwa mgongoni mwa mama yake. Wengine hawakuwa wamezaliwa.

"Basi," akasema, "naona ni kwa nini rangi zilichanganyika. Si bomba moja, ni maswali mawili. Jirani yako mwenyewe, karatasi ile inamshika. Hapo naandika 'would' bila kuogopa. Lakini haikusajiliwa, haiko kwenye hati ya shamba lake. Akifa, ama akiuza, atakayekuja anaweza kusema hakuahidi kitu. Hapo siwezi kupita 'may'. Na hiyo 'should' ya katikati," akaigonga na kalamu, "hiyo nilikuwa najipa moyo."

"Na benki ikiona 'may'?"

"Itakunyima."

"Lakini sasa hivi haijaona. Inaweza kusoma muhtasari peke yake."

"Inaweza. Halafu siku moja jirani yako atakufa, na wewe uko na chumba cha baridi cha mkopo, na hakuna maji."

Jirani yangu wakati huo miguu ilikuwa imevimba, hata kanisani alikuwa haji tena. Nililijua hilo kuliko wao. Nikafungua vifungo vya koti, nikakaa.

Kumbe dawa ilikuwepo. Jirani aandike upya kunipa haki ya kupitisha bomba, kwa hati inayofaa, mkewe akubali, bodi ya ardhi ya kwetu iridhie, kisha isajiliwe kwenye shamba lake. Hapo haki inakaa kwenye ardhi, haikai tena mdomoni mwa mtu. Nilimpigia meneja simu nikamwambia angoje. Hakufurahi. Mimi pia sikufurahi.

Nilienda kwa jirani na binti yule, naye alikuwa amevaa viatu vya matope, jambo nililoliona. Jirani alikuwa kwenye kiti juani, blanketi magotini.

"Ati umeniletea wakili?" akasema. "Wewe, hata sijafa unanigawa?"

"Nakugawa nini? Uko na nini?"

"Niko na bomba lako."

Tulicheka, halafu nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Nilimwambia simwogopi yeye, nawaogopa wale ambao hawakula. Aliangalia mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika.

"Wanangu hata mimi nawaogopa," akasema mwishowe.

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. Binti akamweleza kwamba bila ridhaa yake hakuna kitu, na kwamba ana haki ya kwenda kuuliza wakili wake mwenyewe kwanza. Mama yule akaniangalia mimi. "Zile siku mlichinja, mimi nilipika, nikaosha sufuria. Nani aliniuliza?"

"Hakuna," nikasema.

"Leo nimeulizwa. Nitatia sahihi. Lakini kondoo mwingine unaleta, na huyu nakula nikiwa nimekaa kwa kiti."

Nilileta kondoo. Alikula akiwa kwenye kiti.

Usajili ulipotoka nilipanda tena ngazi zile. Wakasoma barua upya, kutoka juu, hawakuruka hata sehemu ambazo hazikuguswa. Yule mzee alisema ukirekebisha mahali pamoja ndipo unapoharibu pengine. Bomba: nyekundu mbele, nyekundu katikati, nyekundu mwisho. Buluu ilibaki moja, juu ya kibali cha kuchota maji mtoni, kwamba muda wake ukiisha kitaongezwa. Hicho hutolewa na serikali, na binti alisema anaamini kitaongezwa ila hawezi kuapa.

"Niitoe?" akaniuliza, akinitania.

"Iache," nikasema. "Hiyo ndiyo kweli."

Meneja alisoma barua yote mbele yangu. Pale kwenye buluu aliuliza swali moja, binti akamjibu kwa simu, naye akaridhika. Yule mzee aliniambia baadaye kwamba benki haiogopi shaka iliyosemwa wazi. Inaogopa ile inayobadilika kila ukigeuza ukurasa.

Jirani yangu tulimzika msimu wa mvua ndefu. Nilibeba jeneza, nikamlilia, nami si mtu wa kulia. Mambo ya urithi yalipokwisha, mwanawe mkubwa alikuja langoni kwangu na ramani ya shamba mkononi.

"Baba, hapa kwa hati yetu kumeandikwa bomba yako."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nataka kujenga nyumba hapo hapo."

"Naona."

Akakunja ramani, akaikunjua tena. Ningekuwa na ile karatasi ya zamani peke yake, tungeanza kesi siku ile, mimi na mtoto wa rafiki yangu, na mmoja wetu angeenda kaburini na kinyongo.

"Basi nitajenga upande wa juu," akasema. "Lakini huko juu hakuna maji."

Nilimwambia anunue koki na kipande cha bomba, vijana wangu watamfungia.