Moyo Uliolewa Nyumbani kwa Baya

Crispus Mwadime alikuwa kijana wa Taita, mwenye mabega mapana na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Miaka ile ya vita, bandari ilipojaa manowari na reli haikupata usingizi, yeye kazi yake ilikuwa kuchochea makaa kwenye gari la moshi. Tangu azaliwe hakuwahi kuugua kitu zaidi ya jino. Kanisani aliimba sauti ya chini, na vileo hakuvizoea. Sikukuu alionja kidogo, akashukuru, akaenda zake kulala.

Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kumwoa Sidi, aliyeuza mahamri asubuhi karibu na lango la reli. Sidi mwenyewe alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Baba yake, Mzee Baya, Mgiriama aliyepakua mizigo bandarini na kukaa Makupa, ndiye aliyekuwa hajasema kitu.

"Nimwone kwanza anavyokaa na watu," alisema Baya, na Jumapili moja, baada ya kanisa, Crispus akaitwa.

Kukaa na watu, kwa Baya, maana yake ilikuwa kunywa tembo la mnazi. Lilikuwa limeletwa kutoka ng'ambo ya daraja la Makupa, na mmiminaji alikuwa Fondo, ndugu yake Baya, mtu asiyependa kuona kibuyu kitupu. Hapo ndipo penye mkasa. Kwao Crispus, mgeni akibakiza kinywaji amemdharau mwenyeji. Basi yeye, kwa adabu, akamaliza. Kwa Fondo, mgeni aliyemaliza anadai kuongezwa. Basi yeye, kwa adabu, akajaza. Adabu ikapambana na adabu tangu adhuhuri mpaka jua likaanza kuinama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukosa heshima. Kadiri saa zilivyosonga tembo likazidi ukali, naye Crispus akazidi kulisifu. Mwishowe akaimba zaburi nzima kwa Kitaita, akarudishwa kwake akiwa ameshikiliwa huku na huku.

"Kijana anakaa na watu vizuri," alisema Baya, akiwa amefurahi kwelikweli.

Asubuhi ya Jumatatu Crispus alishika sepetu, akatupa makaa mara chache tu, kisha akasimama. Kifuani mlikuwa na fujo. Moyo ulikimbia, ukasita, ukaruka, ukakimbia tena. Pumzi ikawa fupi na kichwa kikawa chepesi. Yeye aliyezoea kusikiliza mashine, aliyejua hitilafu kwa mlio wake, alisikiliza kifua chake akakosa mwendo wa kuushika. Akaogopa. Hakuwahi kuogopa namna ile.

"Joab," alimwita rafiki yake wa kazini, "moyo wangu umeharibika."

Joab alimkokota hadi langoni. Sidi alipouona uso wa Crispus alifunika kikapu cha mahamri, akamkabidhi jirani, akamshika mkono wa pili. Wakaenda Bondeni, kwenye chumba cha matibabu cha Daktari Hakimuddin, Bohora mpole ambaye mkewe, Bi Amtulla, ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Daktari alimlaza kitandani, akaweka sikio lake la mpira kifuani. Bi Amtulla akashika mshipa wa mkono. Wakaanza kuhesabu pamoja, saa ya ukutani ikiwa shahidi. Walipokoma, kila mmoja akataja hesabu yake, na ya bibi ilikuwa pungufu sana.

"Tena," alisema daktari.

Wakarudia, wakatofautiana vilevile. Crispus akadhani amewagombanisha mke na mume.

"Bi Amtulla hajakosea, mwanangu, wala mimi sijakosea," alisema daktari. "Vyumba vya juu vya moyo wako vinatetemeka tu, havipigi sawasawa. Kwa hiyo vile vya chini navyo vinapiga ovyo. Mapigo mengine ni dhaifu, hayafiki mkononi. Ndiyo maana mimi nasikia mengi, naye anapata machache. Sasa niambie, utotoni uliwahi kuvimba viungo kwa homa?"

"Hapana."

"Kifua kinauma? Umewahi kuzimia?"

"La, daktari."

Akamtazama shingo, akampima homa na shinikizo la damu, akasikiliza kifua upya kutafuta mvumo usiostahili kuwapo. Hakuupata. Ndipo akauliza, "Na jana ulikunywa nini?"

Crispus alifunika macho kwa mkono. Joab akajibu kwa niaba yake, na akajibu kirefu.

Daktari alicheka, lakini kwa upole. "Nimewaona mabaharia vijana wakiletwa hivi baada ya sikukuu zao. Wazima, wenye nguvu, wamekunywa kwa pupa, kesho yake moyo unapotea njia. Mara nyingi hurudi wenyewe ndani ya siku moja. Atalala hapa, atakunywa maji, nami nitamwangalia. Moyo usiporudi kwenye mwendo wake, au kifua kikianza kuuma, nitampeleka hospitali."

Wakati huo Fondo, aliyesikia habari njiani, alichungulia mlangoni. Alilolisikia ni neno moja tu, moyo, nalo lilimtosha. Aliondoka mbio bila kungoja maelezo, mtu wa ajabu yule, na kabla ya adhuhuri ujumbe wa Baya ukafika: hamwozi binti yake kwa mgonjwa wa moyo, akawe mjane kabla ya kupata mtoto wa kwanza.

Crispus aligeuza uso ukutani. Kutetemeka kwa kifua alikuwa ameanza kukuzoea. Hili lilimuuma zaidi. Sidi aliendelea kumpepea kwa kipande cha gazeti.

Baada ya adhana ya alasiri, Crispus alistuka. Kifuani mlikuwa kimya. Aliweka kiganja, akasikia pigo moja, kisha jingine, kila moja mahali pake. Daktari na mkewe wakahesabu tena, na safari hii hesabu zao zikakutana. Crispus akalia machozi, na hakuona aibu.

"Moyo wako hauna ugonjwa ninaouona," alisema daktari. "Uje nikuangalie tena wiki ijayo. Lakini ukilewa namna ile, yanaweza kurudi. Wewe tembo liache kabisa."

Joab alimpelekea Baya habari njema, akarudi amekunja uso. Baya alikuwa amesema: ikiwa kweli ni mzima, basi alete tembo la posa, alinywe mbele yangu nione.

Jumapili iliyofuata Crispus alipeleka tembo akiwa na mjomba wake. Njia nzima alijiuliza: akinywa, moyo utavurugika mbele ya wakwe; akikataa, ameitukana nyumba. Joab alimshauri alimwage kisirisiri ndani ya kanzu. Akamwambia Joab anyamaze.

Tembo likawekwa katikati. Kwa desturi ya Wagiriama tembo la posa haliguswi mpaka binti aitwe aulizwe, na neno lake ndilo linalofungua kibuyu. Sidi akaja, akapiga magoti.

"Wageni hawa unawajua?" aliuliza Baya.

"Nawajua, baba."

"Tembo lao linywewe?"

"Linywewe. Nyote mnywe," alisema Sidi, kisha akainua macho. "Ila Crispus asinywe. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu kwa daktari, nami nataka mume wa kuzeeka naye."

Fondo alibaki ameinamisha kibuyu hewani. Baya alimtazama binti yake muda mrefu, halafu akamtazama yule kijana wa mabega mapana, aliyekuwa akitoka jasho kwa hofu.

"Fondo," alisema, "weka kibuyu hicho chini. Mkatie mkwe wangu dafu."